Kabla ya Kupanda Dunguni: Maelezo ya Mzee wa Kijiji kwa Wanaolinda Mashamba kwa Bunduki

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, wazee wenzangu, akina mama, nanyi vijana mnaolala mashambani: asalamu aleikum, na tumsifu Yesu Kristo.

Nimeomba nafasi katika mkutano huu kwa sababu kila mahindi yanapoanza kubeba na nguruwe kuanza kushuka kutoka vichakani, vijana hunijia na maswali yaleyale. Wanauliza namna ya kupanda dunguni na bunduki, kama kifungio cha usalama kinatosha, na wafanye nini risasi inapokataa kulia. Safari hii nimeyaandika majibu yangu, na nakala itabaki kwa Mtendaji, ili kijana atakayekabidhiwa bunduki kwa mara ya kwanza ayasome kabla ya kutoka nyumbani.

Ninasema juu ya bunduki moja tu, ambayo ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wetu huku pwani ya Tanga: shotigani ya kukunjwa, ya mtutu mmoja au miwili, ambayo ukisukuma wenzo wake mtutu huinama na chemba ya risasi ikabaki wazi. Bunduki hiyo ina fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba ikiwa imekunjwa haiwezi kulia kwa namna yoyote, na mtu aliye mbali kidogo anaona kwa macho yake kwamba haiwezi kulia. Karibu kila nitakalolisema linategemea fadhila hiyo. Iliyofungwa ihesabuni kuwa ina risasi, hata kama mwenye nayo ameapa kwamba haina.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Kwanza kabisa ni kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni yake, na leseni ya baba haimhalalishi mtoto wala mpwa. Nguruwe na nyani nao wana sheria yao, ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo taarifa ya wanyama waharibifu ifike kwa Mtendaji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla mtu hajafikiria kupiga. Wenye mashamba upande wa Saadani wakumbuke kwamba mpaka wa Hifadhi ya Taifa hauvukwi kwa bunduki, hata kama nguruwe aliyekula mahindi yako ameukimbilia.

Baada ya hapo, hakikisha una vitu hivi:

- Risasi za kipimo kimoja tu, kile kilichochongwa kwenye mtutu wa bunduki yako.
- Tochi ya mkononi au ya kichwani, isiyofungwa kwenye bunduki.
- Kizibao kinachoakisi mwanga kama vile vya madereva wa bodaboda, kwako na kwa kila mtu atakayekuwa shambani usiku huo.
- Ufito wa kusafishia mtutu na kitambaa kikavu.
- Kamba imara yenye urefu wa kutoka chini hadi juu ya dungu, ikiwa na ziada kidogo.
- Simu yenye chaji, na filimbi.
- Nyumbani, sanduku la chuma lenye kufuli kwa ajili ya bunduki, na jingine lenye kufuli lake kwa ajili ya risasi.

Usipokuwa na kamba, usipande na bunduki. Sababu utaiona katika hatua ya nne.

Hatua zenyewe

1. Pokea bunduki ikiwa imekunjwa. Anayekukabidhi aikunje kwanza, nawe usiipokee kabla hajafanya hivyo, awe baba yako au mwenyekiti wako. Kumwambia mkubwa "naomba uikunje, mzee" si utovu wa adabu katika kijiji hiki. Ukiishaipokea, angalia chemba, kisha ingiza ncha ya kidole ndani yake, kwa sababu gizani jicho hudanganyika. Halafu ielekeze kwenye mwanga, uchungulie kutokea upande wa chemba mpaka uone duara safi la mwanga upande wa pili. Kiota cha nyigu, tope au kitambaa kilichosahaulika humo kinaweza kuupasua mtutu utakapofyatua. Muda wote huo kidole cha shahada kinyooshwe ubavuni, nje ya kikingio cha kifyatulio.

2. Hesabu na ukague risasi. Soma namba iliyo kwenye kitako cha kila risasi, na usitegemee rangi. Hatari kubwa iko kwa mtu mwenye shotigani ya namba 12 ambaye mfukoni mwake imeingia risasi moja ya namba 20, iliyotoka kwenye bunduki ya jirani. Risasi ya namba 20 ni nyembamba zaidi, kwa hiyo huteleza ikapita chemba ya namba 12 na kukwama mbele yake, mahali usipoiona kwa urahisi. Mtu akifyatua, nyundo inapiga hewa. Akikunja bunduki anaona chemba tupu, anadhani alisahau kuijaza, anatia risasi ya namba 12 nyuma yake na kufyatua tena. Hapo mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono ulioushika. Watengenezaji wengi huitia namba 20 rangi ya njano ili kuzuia ajali hiyo, lakini risasi za zamani zimepauka, na usiku kila rangi hufanana. Mfuko uwe na kipimo kimoja, basi.

3. Safiri na bunduki tupu. Kutoka nyumbani hadi shambani, risasi ziwe mfukoni na bunduki iwe imekunjwa mkononi au imo ndani ya mfuko wake. Kwenye bodaboda isiwe mgongoni ikiwa imefungwa, kwa sababu mtutu utakuwa unamwelekea anayefuata nyuma, au kichwa chako mwenyewe pikipiki inapoanguka kwenye mchanga. Kwenye kivuko cha Pangani, kwenye gari la abiria na dukani, utaratibu ni huohuo. Ukifika kwenye gogo, mfereji au uzio wa michongoma, ipitishe kwanza ikiwa imekunjwa na tupu, uilaze chini upande wa pili, kisha upite wewe.

4. Panda dunguni mikono mitupu. Hapa ninaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo penye hatari ambayo vijana wengi hawaihesabu.

Kulitokea ajali katika kijiji cha jirani, na sitataja majina, kwa kuwa familia zote mbili ni ndugu zetu. Vijana wawili, watoto wa ndugu, walikwenda kulinda mahindi. Mkubwa alipanda dunguni kwanza, mdogo akabaki chini na bunduki ya mitutu miwili, ambayo walikuwa wameijaza njiani kwa kuogopa kukutana na nguruwe. Kifungio cha usalama kilikuwa kimewekwa. Mdogo akainua bunduki akiishika kwenye kitako, wa juu akainama, akaushika mdomo wa mtutu na kuanza kuvuta. Kitako kilipita kwenye vipandio vya miti vyenye vichwa vya misumari na vijiti vilivyokatwa bila kusawazishwa. Bunduki ikanasa, akavuta kwa nguvu, ikalia. Marisau yakaingia begani kwa aliyekuwa juu.

Watu waliposikia habari hiyo walisema kwamba kifungio kilikuwa kibovu. Huenda ndivyo, lakini kifungio kizima nacho kisingetosha kuwahakikishia usalama. Katika shotigani nyingi za mitutu miwili, kifungio hicho hukizuia kifyatulio tu na hakizishiki nyundo zilizo ndani, ambazo tayari zimevutwa na springi, na mshtuko mkubwa wa kugonga au kuanguka unaweza kuiachia mojawapo. Kifungio chenyewe pia husukumwa na kitu chochote kinachokwaruza mahali kilipo, kikiwemo kipandio cha dungu. Kwenye bunduki za zamani zenye nyundo za nje hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tawi dogo likiivuta nyundo nyuma kidogo na kuiachia, risasi inaweza kulia bila mtu kugusa kifyatulio.

Basi tulipange jambo lilelile upya, hatua kwa hatua, kama vijana wale walivyopaswa kulifanya. Wanafika chini ya dungu na bunduki iliyokunjwa, tupu. Aliyeibeba anaonyesha chemba kwa mwenzake, naye anasema kwa sauti, "Nimeona, ni tupu." Bunduki inalazwa pembeni mwa ngazi, si chini yake, na kamba inafungwa ili kitako kitangulie kwenda juu na mdomo wa mtutu uelekee ardhini. Ikiwa bunduki yako haining'inii vizuri ikiwa imekunjwa, ifunge baada ya kuonyeshana kwamba ni tupu, kisha fungasha mfuko wake juu ya kifyatulio. Wote wawili wanapanda mikono mitupu, mmoja akiwa na ncha ya kamba mkononi, na risasi zikiwa mfukoni mwa mmoja wao. Wakishakaa, wanaivuta pole pole, wanaishika kwenye kitako, wanaikunja tena na kuitazama chemba. Kushuka ni vivyo hivyo kwa kinyume: inatolewa risasi, inaonyeshwa, inateremshwa kwa kamba upande ambao hakuna mtu, ndipo wanashuka.

Najua mtaniambia kwamba nguruwe anaweza kutokea wakati mnavuta kamba. Mwacheni ale.

5. Kubalianeni juu ya pande kabla jua halijazama. Panda juu mapema, uonyeshwe kwa mkono dungu la jirani liko wapi, njia ya kwenda kisimani iko wapi, na nyumba ya karibu iko upande gani. Kisha chagueni upande mmoja wa kupigia, na huko tu ndiko mtutu utakakoelekea usiku kucha. Mtu akitaka kushuka kwa haja yoyote, amwambie mwenzake, bunduki ikunjwe na risasi zitolewe, ndipo ashuke; na ibaki hivyo hadi arudi juu. Anayekuja kupokea zamu apulize filimbi akiwa bado mbali, asubiri ajibiwe, na awashe tochi yake kwenye kizibao chake mwenyewe. Asiingie shambani kimyakimya, hata akiwa mwenye shamba.

6. Tia risasi ukiwa umekaa, mtutu ukiwa kwenye upande mliokubaliana. Ukifunga bunduki, inua kitako kukutana na mtutu, usiuinue mtutu kukutana na kitako, kwa sababu kwa njia hiyo ya pili mdomo hupanda na kupita usawa wa watu. Usilale usingizi na bunduki iliyojazwa. Macho yakianza kuwa mazito, toa risasi.

7. Mtambue mnyama mzima kabla hujagusa kifyatulio. Macho yanayong'aa hayatoshi. Mbuzi aliyekatika kamba ana macho yanayong'aa, na mbwa wa jirani pia. Mlio wa mahindi yanayovunjika hautoshi, kwa kuwa mwizi wa mahindi huyavunja vilevile, na mwizi ni mwana wa mtu ambaye adhabu yake si risasi. Mulika kwa tochi ya mkononi, bunduki ikiwa bado imelala magotini. Ndiyo maana nilisema isifungwe kwenye mtutu, kwani atakayemulika kwa tochi ya namna hiyo huwa amekwisha kumlenga asiyemjua. Unataka kuona kichwa, mgongo na miguu ya nguruwe, na nyuma yake uone udongo.

Nyuma yake ni muhimu sawa na yeye. Marisau makubwa ya kupigia nguruwe hufaa kwa mita 30 au 40 hivi, na kufikia mita 30 kundi lake huweza kuwa limetanuka karibu mita moja, kwa hiyo baadhi yatampita hata ukilenga vema. Yanayompita yanaweza kwenda zaidi ya mita 500. Hata marisau madogo ya ndege huweza kufika mita 200. Mwenye raifo ajue kwamba risasi yake huweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na kwa maoni yangu raifo haina kazi katika mashamba yetu yaliyobanana hivi. Faida ya dungu ni kwamba unapiga kwenda chini, na ardhi inayapokea marisau karibu na mnyama. Usiitupe faida hiyo kwa kumpiga mnyama aliye juu ya kilima, au aliye mbali kiasi kwamba mtutu wako unalala sawa na upeo wa macho.

8. Ukishapiga, ikunje. Katika mitutu miwili mlio mmoja huacha risasi ya pili ikiwa tayari, na furaha ya kupata humfanya mtu aisahau. Kidole nje, kunja, toa ganda na ile nyingine iliyobaki. Nguruwe aliyejeruhiwa asifuatwe vichakani usiku. Wafuatao huwa wengi, kila mmoja na tochi yake, na mwenye bunduki hajui tena nani yuko wapi. Ngojeni kupambazuke, mwende pamoja nyuma ya mwenye bunduki, na kusiwe na mtu mbele yake.

9. Rudisha kabla ya kuingia uani. Onyesha chemba tupu kwa mtu mzima wa nyumba, hesabu risasi na maganda mpaka idadi ilingane na uliyotoka nayo, kisha kila kitu kiende kwenye sanduku lake. Funguo zikae kwa mwenye leseni mwenyewe. Darini, chini ya kitanda na nyuma ya mlango si mahali pa bunduki, kwa sababu watoto wanapafahamu kuliko sisi.

Mambo yanapokwenda kombo

*Umefyatua, haikulia.* Usiikunje upesi na usiigeuzie uso. Fataki huweza kuchelewa kuwasha baruti. Ishike imeelekea palepale kwenye upande salama kwa sekunde 30 kamili, ukizihesabu kwa sauti. Kisha ikunje huku uso wako ukiwa mbali na chemba, utoe risasi hiyo, uiweke peke yake mahali palipo mbali na moto, na usiirudishe mfukoni wala kuijaribu tena. Ukikuta chemba tupu ilhali ulitia risasi, kumbuka niliyoyasema juu ya namba 20: usitie nyingine kabla hujachungulia mtutu kutoka upande wa chemba.

*Imelia kwa sauti hafifu, kama mlango uliofungwa pole pole.* Baruti haikuungua yote, na kiziba cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu. Kunja, toa risasi zote, chungulia. Duara la mwanga lisipoonekana, kazi ya usiku huo imekwisha, na unakisukuma kiziba kwa ufito mchana. Anayepiga nyingine ili kukitoa anaupasua mtutu.

*Mdomo wa mtutu umegusa tope, au bunduki imeanguka.* Toa risasi kwanza, sukuma ufito wenye kitambaa kutoka chemba kwenda mdomoni, uchungulie tena. Iliyoanguka kwa kishindo isitiwe risasi mpaka iangaliwe na fundi wa silaha mwenye kibali, hata kama inaonekana nzima.

*Ganda limekwama.* Lisukume kwa ufito kutokea mdomoni, ukiwa na hakika kwamba ni ganda tupu. Ikiwa ni risasi ambayo haijalia, usiiguse kwa ufito wala kwa kisu. Iache bunduki ikiwa imekunjwa, na mwenye leseni awasiliane na polisi juu ya namna ya kuifikisha kwa fundi.

*Nina gobole, nifuate hatua zipi?* Hakuna hatua ninayoweza kukupa. Gobole hujazwa kwa mdomo wa mtutu na halina mahali pa kukunja, kwa hiyo huwezi kuona kama lina kitu ndani, na mitutu mingi ni mabomba ambayo hayakutengenezwa kuhimili baruti. Tena kulimiliki bila leseni ni kosa. Mweleze Mwenyekiti au Mtendaji, nao watakuongoza namna ya kulisalimisha polisi. Usilibebe mwenyewe kwenye bodaboda bila kuwaambia. Serikali ikitangaza kipindi cha msamaha wa kusalimisha silaha, kitumieni.

*Mtu amepigwa.* Wa kwanza akunje bunduki, atoe risasi na kuilaza mbali, ili kusiwe na majeruhi wa pili. Kanga safi au shati likunjwe, likandamizwe juu ya jeraha kwa nguvu na bila kuliachia. Likilowa, ongeza jingine juu yake. Msichokonoe marisau, na msimpe chakula wala kinywaji. Wengine wamkimbize kituo cha afya mara moja, huku mmoja akienda polisi kutoa taarifa na kuchukua PF3. Majeruhi asisubirishwe barabarani kwa ajili ya karatasi, kwa kuwa fomu inaweza kumfuata, na damu iliyomwagika haimrudii. Bunduki ibaki mahali ilipolazwa, ilindwe na mtu mzima, mpaka polisi wafike.